Je, Mche wa Harage Hukua Zaidi Mchana au Usiku? Namna ya Kupima kwa Video

Mwezi Julai jijini Mbeya, maji yaliyolala ndani ya ndoo huuma vidole asubuhi, na ifikapo saa nane mchana watu wanavua sweta. Tofauti hiyo ya joto, ambayo wenyeji wa Iringa, Njombe na Makete nao wanaijua vizuri, humpa mwanafunzi wa sayansi swali zuri la mradi: je, mche wa harage hupunguza kasi ya kukua usiku kwa sababu ya baridi? Kwa rula na daftari peke yake swali hili halijibiki kwa urahisi, kwa kuwa hakuna anayelala maabara ili apime mche saa sita usiku, na kila anayepima kwa mkono huugusa mche na kuusogeza. Simu iliyofungwa mahali pamoja, ikipiga picha kila baada ya dakika 10 na kuziunganisha kuwa video fupi, inaweza kuangalia mche usiku kucha bila kuugusa. Kwenye simu nyingi njia hiyo huandikwa Time-lapse.

Tatizo ni kwamba video ya namna hiyo haina milimita wala saa ndani yake. Ina pikseli na fremu zilizopangwa kwa mfuatano, na kazi yote ya mradi ni kuzigeuza pikseli kuwa milimita na fremu kuwa saa bila kuingiza uongo njiani. Uongo unaoweza kuingia ni wa aina mbili, na zinafaa kutenganishwa tangu mwanzo. Lipo kosa linalobaki vilevile kuanzia fremu ya kwanza hadi ya mwisho, na lipo kosa linalobadilika kadiri muda unavyokwenda. Kosa la kwanza huharibu milimita zako, lakini haliharibu ulinganisho wa mchana na usiku. Kosa la pili linaweza kuonekana kama ukuaji, na hapo ndipo miradi mingi hupotea.

Tuanze na chumba. Kamera huhitaji mwanga ili ione usiku, na mwanga huo huo hubadilisha mche, kwa sababu shina la harage lililo gizani hurefuka haraka kuliko lililo kwenye mwanga. Mtu akiacha dirisha wazi mchana kisha akawasha taa hafifu usiku, atakuwa amebadilisha mwanga na joto kwa pamoja, wala hatajua kipi kati ya hivyo viwili kimeleta tofauti aliyoiona. Njia iliyo salama kwa shule ni kuziba dirisha kwa katoni au nailoni nyeusi, kuwasha taa moja ya LED usiku na mchana bila kuizima, na kuacha joto la chumba lipande na kushuka lenyewe. Taa ikae juu ya mche, wima kabisa, kama nusu mita hivi: ikiwekwa ubavuni mche utainama kuifuata, na ikiwekwa karibu mno italeta joto lake yenyewe. Kipimajoto cha maabara kisimamishwe karibu na mche, ndani ya picha, ili kila fremu ibebe joto lake. Saa ya mezani nayo iwe ndani ya picha, na sababu yake nitaieleza baadaye.

Maji yatiwe kwenye sahani iliyo chini ya chungu, udongo uyanyonye kutoka chini. Anayemwagilia kwa juu huusawazisha udongo, nao hushuka milimita moja au mbili. Kwa kuwa watu wengi hupima mche kuanzia usawa wa udongo, kushuka huko huingia kwenye daftari kama ukuaji. Dawa yake ni kuacha kabisa kutumia udongo kama mahali pa kuanzia. Weka nukta ndogo ya wino kwenye shina, karibu na udongo, mara mche unapochomoza. Sehemu hiyo ya chini huwa imekwisha kurefuka, kwa kuwa urefukaji wa shina changa la harage hufanyika zaidi juu, karibu na kile kipindo kinachoitangulia mbegu kutoka ardhini. Nukta hiyo basi haitasogea, hata udongo ukishuka.

Simu isimamishwe wima kwenye stendi, umbali wa sentimita 30 hivi kutoka kwenye mche, lenzi ikiwa kwenye usawa wa katikati ya urefu unaotarajiwa. Ifungwe kwa gundi ya karatasi hata kama stendi inaonekana imara, iwe kwenye chaja muda wote, na iwekwe kwenye hali ya ndegeni ili mtu asipige simu usiku na kukatiza kazi. Mahali simu inapolenga pafungwe pasibadilike pekee yake, maana lenzi inapotafuta upya cha kulenga, ukubwa wa picha hubadilika kidogo. Kwa umbali huo, picha hufunika karibu sentimita 38 kwenda juu. Video ya 4K ina pikseli 3840 upande mrefu, hivyo kila milimita ya mche hupata pikseli 10 hivi. Video ya 1080p ingetoa pikseli 5 tu kwa milimita. Simu isiyo na 4K bado inafaa, mradi ipige picha za kawaida kwa vipindi na kuzihifadhi moja moja, kwa sababu picha ya kawaida huwa na pikseli nyingi kuliko fremu ya video.

Sasa kipimo. Rula ya kulinganishia iwekwe ubavuni mwa mche, kwenye umbali ule ule kutoka kwenye kamera. Wanafunzi wengi huiegemeza ukutani nyuma ya mche kwa sababu inaonekana nadhifu hapo, na gharama ya unadhifu huo hukokotolewa kirahisi. Rula ikiwa sentimita 3 nyuma ya mche, na mche ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye lenzi, rula itaonekana ndogo kwa uwiano wa 30 kwa 33, na kila urefu wa mche utasomwa ukiwa umezidi kwa asilimia 10. Hili ni kosa la aina ya kwanza. Mche wa milimita 30 utasomeka 33, lakini ukuaji wa mchana na wa usiku vyote vitazidishwa kwa kiasi kile kile, na uwiano wao utabaki sahihi. Kosa hilo lisahihishwe, lakini halibatilishi jibu la swali letu.

Kosa la kuogopa zaidi ni kamera kuteleza usiku. Kulikamata kunahitaji kitu kisichokua. Chomeka kijiti kikavu kwenye udongo kando ya mche, kwenye umbali ule ule na rula, kikiwa na alama mbili za wino zilizotengana milimita 60 kamili, kisha ukipime katika kila fremu unayopimia mche. Kijiti hakina uhai, kwa hiyo badiliko lolote katika urefu wake ni badiliko la kamera. Kikisomeka pikseli 600 Jumatatu na pikseli 594 Jumanne, picha imepungua kwa asilimia moja, na urefu wa mche wa Jumanne unapaswa kugawanywa kwa 0.99 kabla ya kuandikwa. Kuweka miche mitatu katika picha moja hakuwezi kushika nafasi ya kijiti. Miche mitatu husaidia kujua kama mche mmoja ni wa ajabu, lakini yote inatazamwa na kamera moja, na kamera ikiteleza itaidanganya yote mitatu kwa namna ile ile. Kukubaliana kwao hakusemi lolote kuhusu kamera.

Linalofuata ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kuamua kinachopimwa. Harage halichomozi ardhini likiwa limenyooka. Shina lake huja likiwa limejikunja kama ndoano, kipindo kikitangulia na zile nusu mbili nene za mbegu, yaani kotiledoni, zikivutwa nyuma kwa chini. Likipata mwanga, kipindo hunyooka taratibu na kotiledoni huinuliwa juu. Anayepima kimo, yaani umbali wa wima kutoka chini hadi sehemu iliyo juu kabisa, ataona kimo kikiongezeka upesi sana wakati wa kunyooka, hata pale shina lenyewe linapokuwa limerefuka kidogo tu. Kunyooka na kurefuka ni mambo mawili tofauti. Swali letu linahusu kurefuka, hivyo kinachopimwa ni urefu wa shina kwa kulifuata mkunjo wake, kuanzia nukta ya wino hadi mahali kotiledoni zilipoungana na shina. Juu ya hapo kuna shina la pili litakaloota baadaye likibeba majani ya kwanza. Hilo lina hesabu yake na lisichanganywe na hili.

Kwa kupima kwenye kompyuta, ImageJ inatosha. Ni programu ya bure iliyoanzishwa na Wayne Rasband katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na huendeshwa hata na kompyuta za kawaida za shule. Kwanza video, ambayo hapa tumeiita mche.mp4, itolewe fremu zake kwa programu nyingine ya bure iitwayo ffmpeg, kwa amri hii:

```
ffmpeg -i mche.mp4 fremu_%04d.png
```

Kwa picha moja kila dakika 10, siku moja hutoa fremu 144, ambazo kwenye video ya fremu 30 kwa sekunde huchukua chini ya sekunde 5 kutazama. Siku tatu zitoe faili 432, na idadi isipolingana, simu iliruka au kurudia picha mahali fulani. Faili huanza kuhesabiwa kwenye 1, kwa hiyo muda wa faili namba k tangu mwanzo ni dakika (k − 1) × 10. Faili ya 0037 ndiyo ya saa sita tangu kuanza, 0073 ni ya saa kumi na mbili, na kuendelea hivyo. Ndani ya ImageJ, chora mstari mnyoofu juu ya milimita 50 za rula, fungua Analyze > Set Scale, andika 50 kwenye Known distance na mm kwenye Unit of length, kisha weka alama kwenye Global ili kipimo kitumike kwa picha zote. Kwa mche tumia Segmented Line, ukibofya hatua kwa hatua kufuata mkunjo wa shina, na bonyeza M kupata urefu.

Kabla ya kupima mche kwa uzito, pima fremu moja mara tano, ukifuta mstari kila mara. Majibu hayatalingana, na kutolingana huko ndiko kipimo cha mkono wako mwenyewe. Tuseme majibu yanatofautiana kwa pikseli 2 juu au chini, yaani milimita 0.2. Ukuaji ni tofauti ya vipimo viwili, na kila kimoja kina shaka yake, hivyo shaka ya tofauti hufika karibu milimita 0.3. Mche unaokua nusu milimita kwa saa huongezeka chini ya pikseli moja kati ya fremu na fremu. Kwa sababu hiyo, grafu ya kasi iliyochorwa kwa kutoa kila fremu na ile inayoifuata hutoka ikiwa na miiba mingi, na miiba hiyo ni mtikisiko wa mkono wa mpimaji. Vipindi vya saa sita vinatosha kwa mche kukua mara kadhaa zaidi ya shaka hiyo. Fremu zilizo katikati hazipotei bure, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha kipindo kilinyooka lini na taa ilizimika lini.

Namba zifuatazo nimezitunga kwa ajili ya hesabu, zikifuata mwenendo wa mche wa kawaida katika chumba chenye baridi ya Julai. Picha zilianza Jumatatu saa 12 asubuhi.

| Faili | Muda | Urefu wa shina (mm) | Ongezeko (mm) | Wastani wa joto (°C) |
|---|---|---|---|---|
| 0001 | Jumatatu, saa 12 asubuhi | 21.5 | | |
| 0037 | Jumatatu, saa 6 mchana | 24.2 | 2.7 | 16 |
| 0073 | Jumatatu, saa 12 jioni | 28.4 | 4.2 | 20 |
| 0109 | Jumatatu, saa 6 usiku | 31.3 | 2.9 | 17 |
| 0145 | Jumanne, saa 12 asubuhi | 33.0 | 1.7 | 14 |
| 0181 | Jumanne, saa 6 mchana | 35.6 | 2.6 | 16 |
| 0217 | Jumanne, saa 12 jioni | 39.5 | 3.9 | 20 |

Mchana wa Jumatatu, kuanzia asubuhi hadi jioni, shina liliongezeka milimita 6.9, usiku uliofuata liliongezeka 4.6. Uwiano ni 1.5 kwa 1. Mwanafunzi aliyepima kimo badala ya urefu angepata jibu jingine kabisa kutoka kwenye video hiyo hiyo. Asubuhi ya Jumatatu shina la milimita 21.5 lilikuwa bado limejikunja, kilele cha kipindo kikiwa milimita 17 juu ya nukta na milimita 4.5 zilizobaki zikiwa zimeelekea chini. Jioni lilikuwa limenyooka, na kimo kikawa 28.4 sawa na urefu. Kwa hesabu ya kimo, mchana ulileta milimita 11.4 na usiku 4.6, uwiano wa karibu 2.5 kwa 1. Mwanafunzi huyo hakukosea kusoma rula wala kutoa. Alipima kunyooka akakuita kukua.

Jedwali linahitaji kusomwa pamoja na shaka yake ya milimita 0.3. Ongezeko la 4.2 la alasiri na 1.7 la alfajiri zimeachana mbali sana, na hakuna mtikisiko wa mkono unaoweza kuzikutanisha. Ongezeko la asubuhi, 2.7, na la jioni, 2.9, halina tofauti ya kudai. Mtu asiandike kwamba mche hukua zaidi jioni kuliko asubuhi kwa sababu tu namba moja imepita nyingine kwa 0.2.

Kuinama nako ni hatari, na hakuonekani kirahisi, kwa sababu kamera huona bapa. Ncha ya mche mchanga haitulii: huzunguka polepole inapokua, jambo ambalo Charles Darwin na mwanawe Francis walilieleza kwa kirefu mwaka 1880. Mche wa Jumanne alfajiri, wenye milimita 33.0, ukiwa umeinama nyuzi 20 kwenda nyuma, mbali na kamera, ungesomeka karibu milimita 31, chini ya 31.3 ya saa 6 usiku. Ungeonekana umefupika usiku, na mwandishi wa ripoti angehitimisha kwamba baridi imeusimamisha kabisa. Kuinama kwenda kushoto au kulia si tatizo, kwa kuwa mstari unaolifuata shina hufuata na kuinama huko. Ili kuona kuinama kwa mbele na nyuma, simamisha kioo kidogo ubavuni mwa mche, kikiwa kimegeuzwa nyuzi 45, ili fremu ionyeshe mche kwa mbele na kwa ubavu kwa wakati mmoja. Fremu ambazo mche umeinama zaidi ya nyuzi 10 katika kioo ziachwe, na ichukuliwe fremu ya jirani ambayo mche umesimama. Kwa nyuzi 10 kosa la kuinama ni asilimia 1.5 tu, jambo linalovumilika.

Hata hivyo, kwa data za Jumatatu peke yake mtu angeweza kupinga kwa haki. Shina la chini ya kotiledoni halikui milele. Hufika urefu wake na kusimama hata kukiwa na joto, hivyo kupungua kwa usiku kungeweza kuwa uzee wa shina tu. Safu za Jumanne ndizo zinazojibu pingamizi hilo. Joto lilipopanda tena, ongezeko lilirudi 2.6 kisha 3.9, na shina linalozeeka halirudi nyuma kwa namna hiyo. Zingatia pia kwamba 3.9 iko chini kidogo ya 4.2 kwa joto lile lile. Tofauti hiyo iko ndani ya shaka, lakini ikijirudia siku ya tatu, itakuwa dalili ya kuzeeka inayoanza kujitokeza, na hapo ulinganisho wa mchana na usiku ukomee siku hizo mbili za kwanza.

Narudi kwenye saa ya mezani. Simu huandika 08:00 pale sisi tunapoandika saa 2 asubuhi, na mwanafunzi anayechukua nusu ya nyakati kwenye faili na nusu kwenye daftari husogeza grafu yake kwa saa sita nzima. Kosa la saa sita huhamishia joto la alasiri kwenye jioni, na uhusiano wote kati ya joto na kasi huvurugika bila namba yoyote kuonekana mbaya. Kuamua mfumo mmoja na kuuandika kichwani mwa jedwali kunatosha. Saa iliyo ndani ya picha hutumika pia umeme unapokatika. Simu huendelea kwa betri yake, lakini taa huzimika, fremu huwa nyeusi, na shina hukaa gizani likirefuka kwa kasi ambayo haitokani na joto. Zikiwa fremu mbili au tatu, hazina madhara makubwa. Zikiwa za saa nzima au zaidi, kipindi hicho cha saa sita kifutwe kwenye grafu, na nafasi yake iachwe wazi bila kuunganishwa kwa mstari.

Grafu yenyewe iwe na joto kwenye mhimili mlalo na kasi kwa saa kwenye mhimili wima, kila nukta ikiwa na kistari cha shaka cha 0.05 juu na chini, ambacho ni ile 0.3 iliyogawanywa kwa saa sita. Kwa namba zetu, nukta za nyuzi 14, 16, 17 na 20 zitapanda kutoka karibu 0.3 hadi 0.7 milimita kwa saa. Dai linaloruhusiwa na grafu hiyo ni jembamba: chini ya mwanga usiobadilika, ndani ya nyuzi hizo, mche huu wa harage ulirefuka polepole zaidi chumba kilipopoa. Harage lililo shambani Uyole, Mbeya, hulala gizani kila usiku, na giza hulisukuma shina upande mmoja huku baridi ikilivuta upande mwingine. Kipi kinachoshinda huko nje hakipimiki kwa taa iliyowaka usiku kucha.